Nilikuwa konda, na chenji ya abiria ndiyo iliyonifundisha uhasibu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, mimi ni konda, jioni nasoma uhasibu. Karatasi ya kwanza nimeifeli mara mbili. Debiti na krediti hazikai kichwani kabisa. Niache?"

Nilikuwa ofisini, nyuma ya mlango wenye kibao cha Meneja wa Fedha, nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika. Karatasi hiyo hiyo niliifeli mimi, na nikikumbuka siku ya matokeo bado uso unanichoma. Kwa hiyo mdogo wangu, sikujibu kwa mistari miwili. Jibu lako ndilo hili.

Nilipofeli, swali lililoniangusha lilikuwa la kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki, yaani kuonyesha kwa nini masalio yake hayalingani. Taarifa ilionyesha salio la krediti. Mimi darasani nilikuwa nimekariri kwamba fedha ikiingia ni debiti, ikitoka ni krediti. Nikaona krediti, nikajua kampuni inadaiwa na benki, imechukua zaidi ya ilichonacho. Nikatoa mahali pa kujumlisha, na kila mstari uliofuata ukaenda mrama. Nilitoka chumba cha mtihani nikitembea kwa maringo, nikidhani nimemaliza kazi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si kufeli kwenyewe.

Aliyenitoa gizani hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mmoja wa kiti cha tatu.

Nauli ilikuwa 20, akanipa noti ya 100. Sikuwa na ndogondogo, nikamwambia ile kauli yetu: "Chenji utapata mbele, mama." Nikaandika 80 nyuma ya tiketi yake. Basi likajaa, nikasahau. Tulipokaribia kituo chake akanigonga begani kwa funguo: "Konda, nakudai themanini zangu." Nikiwa nahesabu sarafu mkononi mwangu nikaganda. Mama yule akilini mwake ana mdaiwa, ambaye ni mimi. Mimi akilini mwangu nina mdai, ambaye ni yeye. Themanini ni ile ile moja, ila kwake ni mali na kwangu ni deni.

Basi benki ni konda! Ukiipa fedha zako, imekushikia chenji. Kwenye daftari lako wewe, fedha hizo ni mali, kwa hiyo ziko debiti. Kwenye vitabu vya benki ni deni ambalo wewe unaidai benki, kwa hiyo ziko krediti. Na taarifa ya benki ni nakala ya vitabu vya benki, si vyako. Ukiona salio la krediti pale, tulia, una fedha. Ukiona salio la debiti, hapo ndipo ushtuke. Nilimpa mama chenji yake, na nadhani aliniona mlevi kwa jinsi nilivyomshukuru.

Usiku ule sikwenda darasani. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufagiliwa, nikaandika hesabu ya siku kwa namna tofauti na nilivyozoea. Tuseme umeuza tiketi 70 za nauli 20, hiyo ni 1,400. Ukimwaga begi unakuta 1,480, kwa sababu abiria mmoja ameshuka bila chenji yake ya 80. Dereva wangu angesema hiyo 80 ni yetu, tugawane. Mhasibu anasema fedha mkononi 1,480, mapato 1,400, deni kwa abiria 80. Noti ile ya 100 iliingia debiti upande wa fedha, na krediti yake ikagawanyika: 20 mapato, 80 deni. Pande zote mbili 100. Usiwahi kuita mapato kitu ambacho mwenyewe anaweza kurudi kukidai. Hata kampuni kubwa zinazopokea malipo kabla ya kutoa huduma huweza kuangukia hapo hapo, zikala chenji ya abiria na kuiita faida.

Nikarudia mtihani, nikafaulu. Miaka iliyofuata sitakuchosha nayo. Nilisoma kituo cha mwisho tukisubiri basi lijae, nililala kidogo, nikapoteza marafiki wawili waliosema najifanya msomi. Kisha nikapata kazi ya karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya usafirishaji, mshahara ukiwa chini ya nilichokuwa napata nikiwa mlangoni. Wengi wanaishia hapo, kwa sababu hawataki kushuka ili wapande. Mimi nilishuka.

Mle ofisini kulikuwa na mhasibu mmoja aliyeniita "konda" mbele ya wageni. Sitamtaja. Mwisho wa mwezi mmoja alishindwa kusuluhisha benki, akanitupia faili akisema, "Haya konda, kusanya nauli." Nakupa hesabu yenyewe, nimepunguza tarakimu ili ziwe nyepesi.

Daftari letu la fedha lilionyesha 8,460. Taarifa ya benki ilionyesha 9,130. Tofauti 670. Yeye alikuwa ameshatafuta malipo ya 670 siku nzima, na hilo ndilo kosa la kwanza la watu wengi: wanaisaka tofauti nzima kana kwamba ni kitu kimoja, wakati mara nyingi ni vitu vinne vimelaliana.

Nilichukua penseli nikaweka alama ya vema kwenye kila mstari uliokuwepo pande zote mbili. Inachosha, na hakuna njia ya mkato. Yaliyobaki bila alama ndiyo kazi. Hundi ya 850 tulikuwa tumeiandika na kumpa muuza vipuri, naye hakuwa ameipeleka benki. Fedha za jioni ya siku ya mwisho, 230, zilikuwa njiani. Hayo mawili benki ilikuwa bado haijayaona, kwa hiyo yanarekebisha upande wa benki: 9,130 toa 850, jumlisha 230, unapata 8,510. Upande wetu kulikuwa na makato ya benki 40 ambayo hatukuyaandika. 8,460 toa 40, ni 8,420.

Zimebaki 90. Na kila mstari una alama ya vema!

Hapa ndipo nilipokumbuka kitu cha darasani nilichokiona cha kipuuzi. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizopishana nafasi. 90 gawanya kwa 9 ni 10. Hiyo 10 inakuambia utafute nafasi ya makumi na mamia, na tarakimu mbili zinazotofautiana kwa moja. Nikarudi kwenye orodha kutafuta namba za sura hiyo tu, na baada ya dakika chache nikaikuta: fedha tulizoweka benki zilikuwa 540, daftari letu likasema 450. Aliyeweka alama ya vema alikuwa mimi mwenyewe, jicho lilisoma nne na tano likaridhika. Nikasahihisha, 8,420 jumlisha 90 ni 8,510. Pande zikabusiana.

Angalia lakini, tisa si mganga. Sifuri iliyorukwa nayo huacha tofauti inayogawanyika kwa 9, kwa mfano 100 iliyoandikwa 10. Na makosa mawili yasiyohusiana yanaweza kujumlishana yakatoa 90 kwa bahati tu. Inakuambia uanzie wapi, haikuambii umefika. Usiridhike mpaka uishike karatasi yenyewe, stakabadhi ya kuweka fedha yenye 540.

Kuna kitu kingine ninachowaambia makarani wangu kila mwezi mpaka wamechoka kunisikia. Usilazimishe. Yule bwana alikuwa na tabia ya kuitupa tofauti kwenye akaunti ya muda na kuandika "itachunguzwa". Tofauti ndogo inaweza kuwa kubwa mbili zinazofichana, ya 5,000 upande huu na 4,910 upande ule, unabaki na 90 unaiona ya mzaha. Konda anajua hili. Ukikosa 10 kwenye begi, huenda hukupoteza 10, huenda ulipunjwa nauli 60 na ukasahau kurudisha chenji 50. Fuatilia. Usilazimishe. Nimesema.

Nilirudisha faili kabla ya saa ya chakula. Hakusema kitu, ila kuanzia siku hiyo aliniita kwa jina. Sijui kama nilimsamehe, nadhani bado.

Kutoka pale kuwa mhasibu, kisha mhasibu mwandamizi, kisha hiki kiti, ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyowaambia ndugu zangu. Umeneja wenyewe ulikuja kwa jambo ambalo konda yeyote analiishi. Kampuni ilikuwa na faida nzuri kwenye vitabu, mishahara ikakosekana. Wakurugenzi wakadhani kuna wizi. Wateja wetu wa mizigo walikuwa wanalipa baada ya siku 60, na mafuta tulikuwa tunalipa siku hiyo hiyo. Kila tulipopata kazi zaidi, tuliingia shimoni zaidi, kwa sababu mafuta yanatangulia na nauli inafuata. Mimi nimewahi kusimama kwenye pampu asubuhi bila hela ya trip ya kwanza huku nikijua jioni begi litajaa, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nilichora jedwali la wiki kwa wiki, fedha zinazotarajiwa kuingia mstari wa juu, zinazotoka mstari wa chini, na wiki ya sita ikaonekana iko hasi. Tukawaomba wateja wakubwa walipe sehemu mapema, tukamwomba muuza mafuta atupe siku 30. Wezi hawakupatikana, maana hawakuwepo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Usiache. Fanya kitu kimoja: kwa siku 14, kabla hujampelekea tajiri hesabu yake, iandike siku yako kwa pande mbili. Fedha ulizoingiza, krediti zake ziende mapato au deni la chenji. Mafuta uliyonunua, debiti gharama, krediti fedha. Hesabu ya tajiri nayo ni krediti fedha, ila debiti yake usiite gharama. Kaa nayo hiyo usiku mmoja, ujiulize fedha zile zilikuwa za nani tangu mwanzo. Ukipata jibu niandikie, na uniambie pia begi lilizidi au lilipungua siku ngapi kati ya hizo 14.