Wadogo zangu wa seva, FTP ya port 21 tuachane nayo jamani

Juzi nimemkuta dogo wetu wa fildi kwenye mgahawa Raskazone, waifai ya bure, anapandisha faili za tovuti ya mteja kwa FTP ya kawaida huku anakunywa soda kwa raha zake. Nikamwambia fungua tamino hapohapo kwenye laptopu yako uchungulie trafiki yako mwenyewe, halafu konekti upya:

```
sudo tcpdump -A -n -i any port 21
```

Ikatoka hivi:

```
USER ofisi
PASS Tanga2019
```

Akanyamaza. Na hiyo paswedi ndiyo ileile ya kuingilia seva kwa telnet, maana siku hizi bado kuna watu wanafanya hivyo.

1. Hakuna aliyevunja kitu hapo. FTP na telnet zinatuma kila kitu wazi, paswedi na kazi yenyewe. Telnet ndiyo kabisa, herufi unazobonyeza zinasafiri hivyohivyo kupitia port 23. Msiniambie waifai ina paswedi, ile inalinda njia ya hewani tu, na mtu aliye ndani ya waifai hiyohiyo anaweza kuidanganya laptopu yako kwamba yeye ndiye ruta, trafiki yako yote ikapita kwake kwanza. Ikishatoka mgahawani kuna ruta nyingine kibao njiani na kote huko iko wazi. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 kule Finland baada ya mtandao wa chuo chake kunaswa paswedi namna hii, yaani tatizo hili lina umri kuliko nyie.

2. Badala ya telnet tumia `ssh`, badala ya FTP tumia SFTP, zote zinapita port 22. Dogo akabadilisha port tu kwenye FileZilla akaacha protokali ileile, ikamgomea kwamba hawezi kukonekti FTP kwenye seva ya SFTP, akaanza kulaumu mtandao wa watu! Protokali ndiyo inabadilishwa: chagua SFTP.

3. Mara ya kwanza SSH itakuonyesha fingaprinti ya seva na kukuuliza kama unaiamini. Msibonyeze yes kama mnakubali chai, mpigie aliyeko kwenye seva akusomee ya kwake:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Zikilingana endelea. Ukikubali tu bila kuangalia, yule aliyejifanya ruta anaweza kujifanya seva pia, ukampa paswedi mwenyewe kwa mkono wako. Na siku ukiona `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, uliza kwanza kama seva imewekwa upya, usikimbilie kufuta `known_hosts`.

4. Kuhamia SFTP hakufuti paswedi iliyokwishapita wazi. Ibadilishe leo, kila ulikoitumia, kisha zima FTP na telnet kwenye seva na uhakikishe:

```
sudo ss -tlnp
```

Ukiona `:21` au `:23` bado inasikiliza, hujamaliza. Ya dogo ilikuwa bado, na ndo maana soda ile nimelipa mimi ili abaki tumalizane nayo.