Mstari katikati ya skrini kwanza, mengine baadaye

"Wakuu, nina watoto wawili, kaka miaka 11 na mdogo wake wa kike miaka 6. Kila siku ni ugomvi wa zamu, na mkubwa anamcheka mdogo kwa sababu hajui kucheza. Nataka niwanunulie New Super Mario Bros. U Deluxe wacheze pamoja wapatane. Pia nishaurini TV ya inchi ngapi inafaa, na pedi ya pili iwe ya aina gani."

Mkuu, usinunue. Subiri kwanza usome hapa, maana hiyo ni njia niliyopita mimi, tena na watoto waliopishana miaka mitano hivyo hivyo, na ilitugharimu karibu miezi mitatu ya kelele ndani ya nyumba.

Gemu lenyewe ni zuri sana, sina ugomvi nalo. Shida ni kwamba lina kamera moja. Wachezaji wote wawili wanaonekana kwenye picha moja, na picha hiyo haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mkubwa wako akikimbia mbele, kamera inarudi nyuma kidogo ili wote waonekane, lakini ikifika kikomo chake inabidi mmoja aumie. Anayebaki nyuma anakokotwa na ukingo wa skrini. Kwenye hatua za kupanda juu ni mbaya zaidi: mkubwa akishapanda, skrini inapanda naye, na mdogo aliyebaki chini anahesabiwa kama katumbukia shimoni. Anapoteza maisha, na hajafanya kosa lolote. Amechelewa kuruka tu, kama mtoto yeyote wa miaka 6.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia, "Baba, kaniacha tena!" Na mimi nikafanya kosa juu ya kosa. Nikamwambia mkubwa amsubiri mdogo wake. Akasubiri. Ukimsubirisha mtoto wa miaka 11 pembeni ya shimo kwa nusu dakika, huku mwenzake anarukaruka mahali pamoja, unamtengenezea hasira ambayo itatoka tu. Ikatoka. Katika gemu hilo unaweza kumbeba mwenzako na kumrusha. Lengo lake ni kusaidiana kufika juu. Kwetu sisi mdogo alikuwa anabebwa na kurushwa shimoni, mara ya kwanza kwa bahati mbaya, mara ya kumi sijui.

Halafu kuna viputo. Mchezaji akifa anarudi akiwa ndani ya kiputo kinachoelea, na hawezi kucheza mpaka mwenzake akipasue. Yaani yule aliyekasirishwa ndiye anayepewa mamlaka ya kuamua mdogo wake arudi lini! Na mdogo naye akagundua kuna kitufe cha kuingia kwenye kiputo mwenyewe akiogopa. Akawa anaingia kila akiona adui, mkubwa akifa wakati huohuo wote wanakuwa ndani ya viputo, na hatua nzima inaishia hapo, wanarudi kwenye ramani. Fikiria mkubwa amebakiza kidogo tu afike kwenye bendera ya kumalizia. Isitoshe, miili yao inagongana. Wakiruka pamoja mmoja anaangukia kichwa cha mwenzake na kumbonyeza chini. Mmoja akigongwa na adui, mchezo wote unasimama kidogo, na aliyekuwa hewani anapoteza mahesabu ya kuruka kwake. Kila kosa la mmoja linalipwa na mwingine. Huwezi kuwalea watoto wakatoka hapo wanapendana jioni hiyo.

Najua mtu atakuja kusema, "Mpe mdogo mhusika anayeitwa Nabbit." Nilimpa. Ni kweli Nabbit hadhuriki akigusana na maadui, na kwa mtoto anayecheza peke yake na mzazi ni msaada mkubwa. Lakini mashimo na lava bado vinamuua, na kamera bado ni ileile moja. Nilipunguza maadui, sikupunguza mbio za kaka yake, na mbio ndizo zilikuwa zinamuua.

Sasa niseme kuhusu aliyenipoteza. Nilimwambia muuzaji waziwazi: nina watoto wawili, mmoja anaweza, mwingine hawezi, nataka wacheze pamoja kila mmoja na sehemu yake. Akanijibu, "Hili ni la watu wanne, wawili watakosaje nafasi?" Na boksi nililisoma pande zote, asije mtu kuniambia sikusoma. Boksi linakuambia idadi ya wachezaji. Halikuambii kama skrini inagawanyika au wanabanana kwenye picha moja. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu anayeuza gemu kila siku alitakiwa anieleze. Kuna na jamaa mmoja wa kwenye video aliyekuwa ameweka orodha ya gemu za kugawanya skrini kwa familia, na nusu ya alizotaja hazigawanyi skrini hata kidogo. Bado inaniuma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Kila mtoto awe na nusu yake ya skrini, na akifa afe peke yake. Gemu likishindwa mojawapo ya hayo, liache, hata kama dunia nzima inalisifu.

Namna ya kujua kabla ya kununua: tafuta video ya watu wawili wakicheza gemu hilo chumba kimoja, usiangalie tangazo. Angalia mambo matatu. Wakitengana, mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa, je, mstari unatokea katikati au mmoja anavutwa? Mmoja akitumbukia, nani anasimama? Na mmoja akiacha kucheza, mwingine anaweza kuendelea? Kama unaweza kuliazima kwa mtu, fanya hayo mwenyewe ukiwa na pedi mbili mkononi kabla watoto hawajaliona. Dakika kumi zinatosha.

Kilichotuokoa sisi ni gemu za LEGO, lakini hapo napo kuna mtego, nisikilize vizuri. Za zamani kama LEGO Star Wars: The Complete Saga ya 2007 zina kamera moja, na utarudi kulekule kwenye kuvutana. Kugawanya skrini kulianza kwenye LEGO Indiana Jones 2 ya 2009. Kuanzia hapo, watoto wakiwa karibu skrini inakuwa moja, wakiachana mstari unakata katikati na kila mmoja anabaki na upande wake. Mstari huo unazunguka kufuata walipo, na mdogo wangu mwanzoni ulimchanganya, akawa hajui yupo upande gani. Baadhi ya gemu hizo zina sehemu kwenye mipangilio ya kuufanya mstari usizunguke, ukae wima tu. Kwenye LEGO Star Wars: The Skywalker Saga ya 2022 mkicheza wawili mstari haukosekani kabisa, na kwa mtoto wa miaka 6 hilo ni bora zaidi: upande wake ni wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Angalia kinachotokea mtoto akifa humo. Anasambaratika vipande, anapoteza sarafu kidogo, anarudi palepale muda uleule. Mwenzake hasimami, hasubiri, hapasui kiputo. Siku ya kwanza mdogo wangu alitumbukia kwenye shimo moja mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu, na kaka yake hakugeuka hata mara moja, alikuwa upande wake anajenga daraja la matofali. Daraja lilipokamilika akamwambia, "Njoo upite huku." Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta miezi mitatu.

Kuhusu kuchekana, hapo ndipo tofauti ya uwezo inapopata dawa yake. Hatua nyingi za LEGO zina vitu ambavyo mhusika fulani tu anaweza kuvifungua. Mpe mdogo yule mwenye uwezo unaohitajika, na mkubwa atalazimika kumwita. Usiwaache wachague wenyewe mwanzoni, mkubwa atachukua wote wazuri. Mimi nilikaa nao, nikawa nauliza tu, "Mlango huu nani anaufungua?" Mdogo akajua ni yeye.

Ugomvi haukuisha wote, nisikudanganye. Humo wanaweza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na wakwangu walipigana. Tofauti ni kwamba aliyepigwa anarudi mara moja, kwa hiyo mchezo wa kupigana unachosha haraka. Pia waligombania sarafu, maana kila mmoja ana hesabu yake juu ya skrini. Niliwaonyesha kwamba kipimo cha sarafu cha kila hatua kinajazwa na sarafu za wote wawili. Mkubwa akawa anamwachia mdogo za chini na yeye anakwenda kuruka kuchukua za juu.

Zamu nazo? Kila mmoja akiwa na nusu yake hakuna zamu ya kugombania. Saa ya jikoni niliyokuwa naitumia kuwapimia dakika kumi kumi imerudi jikoni.

Utasikia watu wanakuambia ununue It Takes Two ya 2021. Skrini yake inagawanyika karibu muda wote, anayekufa anabonyeza kitufe harakaharaka anarudi, na kila mmoja ana kifaa chake: kwenye sura ya mwanzo mmoja ana misumari na mwingine nyundo, hakuna anayeweza kupita bila mwenzake. Kwa kanuni yangu linafaulu karibu kote, isipokuwa kwenye mapambano ya mabosi, ambako wote wakifa pamoja mnarudishwa nyuma kidogo. Lakini mdogo wa miaka 6 hataliweza, na halimruhusu aachwe nyuma, kwa sababu kila mlango unahitaji watu wawili. Tena hadithi yake ni ya wazazi wanaotaka kuachana, na kuna sehemu ya mwanasesere wa tembo ambayo sitaki mtoto mdogo aione. Mngoje akue.

Kama tayari mna Minecraft kwenye konsoli, anzia hapo kabla hujatoa hela. Kwenye konsoli inagawanya skrini, na kila mtoto anaweza kwenda mwisho wa dunia yake. Ila ukiiacha kama ilivyo, mkubwa atampiga mdogo kwa upanga, na mdogo akifa vitu vyake vyote vinabaki chini, mkubwa anaviokota. Fungua dunia mpya, ruhusu amri, kisha andika hizi:

```
/gamerule keepInventory true
/gamerule pvp false
/difficulty peaceful
```

Ya kwanza inamfanya anayekufa abaki na vitu vyake, ya pili inazuia wasiumizane, ya tatu inaondoa mazimwi yanayokuja usiku. Mwambie mkubwa mapema kwamba dunia yenye amri hizo haimpi tuzo za mafanikio, akijua baadaye ndipo utakapopata ugomvi mpya. Kufungua kasha la mwenzake na kuchukua vitu hizo amri hazizuii, hapo utasimama wewe mwenyewe.

Fanya lile jaribio la dakika kumi kwa gemu lolote utakaloletewa, halafu rudi uniambie mstari ulitokea au haukutokea. Na yule muuzaji akikuambia ni la watu wanne, muulize: wakitengana inakuwaje?