Mstari mweusi kwenye ukucha: anza kutazama mzizini

Wenzangu mnaoanza kupokea picha za wagonjwa kwa simu, picha za kucha mtaziona nyingi, na nyingi hazina haraka. Michirizi myembamba inayotoka mzizini kwenda nchani huongezeka tu na umri. Ukucha mnene wa njano unaomeguka kuanzia nchani mara nyingi ni fangasi. Huyo apangiwe siku ya kawaida ya kliniki, ila mwenye kisukari asicheleweshwe.

Mimi nawaomba muwe makini zaidi na mstari mweusi au wa kahawia unaopita ukucha mzima. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni jambo la kawaida, hasa ukiwa kwenye vidole kadhaa na umekaa vilevile kwa miaka. Ndiyo maana ule mmoja wa hatari hupita bila kushtukiwa.

Chukulia mama wa miaka hamsini na kitu ametuma picha ya dole gumba. Mstari uko kwenye kidole hicho kimoja tu. Nchani una upana wa kama milimita 2, mzizini unakaribia 4. Ukucha huota kutoka mzizini, kwa hiyo sehemu ya nchani ni ya miezi iliyopita na ya mzizini ni ya juzi. Mstari mpana zaidi mzizini maana yake unatanuka. Sasa kuza picha uangalie ngozi inayopakana na ukucha. Weusi ukiwa umevuka na kuingia kwenye ngozi hiyo, mpeleke kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, kwani inaweza kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi. Hata bila weusi huo, mstari mmoja unaotanuka kwa mtu mzima unatosha kumpa rufaa.

Kabla ya hapo muulize kama amepaka hina au amebanwa na mlango. Hina na damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, kama milimita 3 kwa mwezi, na nyuma yake huonekana ukucha safi. Mstari unaotoka kwenye mzizi wenyewe hauachi nafasi hiyo. Lakini kubanwa kusikufanye ufunge faili: mwombe picha nyingine baada ya wiki nne, na kama ukucha safi haujaonekana, mpe rufaa.

Picha yenyewe ipigwe karibu na dirisha, kucha zikiwa hazina rangi, vidole vimelegezwa. Kidole kikikandamizwa mezani damu hukimbia na rangi hubadilika. Azime vichujio vya urembo vya kamera, maana hufuta michirizi na kingo za mstari. Mwombe mikono yote miwili kwanza, kisha kidole husika kwa karibu, mzizi ukionekana wote.

Usimtamkie neno saratani kwa kutazama picha. Mwambie kwamba daktari atahitaji kuuona ukucha wenyewe, na huenda akachukua kinyama kidogo mzizini kikapimwe maabara, baada ya kumpiga mgonjwa sindano ya ganzi.