Namwomba anishikie zamu ya usiku, ananijibu "tutaona"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, hospitali moja hapa Moshi. Jumamosi tarehe 15 Agosti 2026 ni sendofu ya mdogo wangu huko Marangu, na rota imenipanga usiku. Nimemwomba mwenzangu anishikie, nikamwahidi nitamlipa siku yoyote atakayo. Leo siku ya tatu ananijibu "tutaona" tu. Yeye tarehe 15 yuko ofu, Jumapili 16 ana jioni, na usiku wake ni Jumamosi 29. Mimi 16 niko ofu, 29 nina asubuhi, 30 niko ofu. Amenichukia, Shangazi?*
*Muuguzi, Moshi*

Marahaba mwanangu. Sidhani kama amekuchukia. Nadhani amefungua rota akaona kitu ambacho wewe hukukitazama.

Akikushikia usiku huo, ataingia Jumamosi saa 2 usiku na kutoka Jumapili saa 2 asubuhi. Zamu yake ya jioni inaanza saa 8 mchana siku hiyohiyo. Katika saa 6 hizo akabidhi wagonjwa, apande daladala, aoge, alale, kisha arudi wodini kufunga vidonda na kuchoma sindano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kwa hiyo umemwomba usiku mmoja, lakini kwake ni usiku pamoja na Jumapili nzima iliyoharibika, na kumkatalia mtu mwenye sendofu ya mdogo wake anaona aibu.

Dawa yake unayo wewe. Wewe Jumapili uko ofu na utakuwa umelala, basi ichukue jioni yake. Yeye akitoka asubuhi, akalale mpaka achoke.

Sasa malipo. "Siku yoyote" huonekana ukarimu, lakini aliyeombwa hawezi kuiandika popote, na akija kuidai utakuwa na zamu yako. Mtajie usiku wa tarehe 29: Jumamosi kwa Jumamosi, ndiyo haki yake. Ila na wewe siku hiyo una asubuhi, unatoka saa 8 mchana, na usiku unaanza saa 2. Ni shimo lilelile la saa 6. Mwombe afanye asubuhi yako, wewe ufanye usiku wake, mradi Ijumaa 28 hayuko usiku. Mkipiga hesabu, kila mmoja ametoa usiku mmoja na kupokea usiku mmoja, ametoa zamu fupi moja na kupokea moja. Hakuna anayebaki na deni.

Mwandikie hivi, na usimtumie asubuhi anapotoka usiku:

"Dada, pole na kazi. Naomba unishikie usiku wa Jumamosi 15/8 saa 2 usiku hadi Jumapili 16/8 saa 2 asubuhi, nina sendofu ya mdogo wangu. Jioni yako ya Jumapili 16/8 nitaifanya mimi, ukalale. Nitakulipa usiku wako wa Jumamosi 29/8 kuamkia Jumapili 30/8, na wewe unifanyie asubuhi ya 29/8. Kama haikufai niambie tu bila wasiwasi, kufikia Jumatatu 10/8, nimwombe mwingine."

Angalia nilivyoandika tarehe mbili kwa kila usiku. Usiku mmoja unagusa siku mbili, na "usiku wa tarehe 15" peke yake kuna atakayeusoma kama wa kuamkia 15. Hapo wodi inabaki na wauguzi wawili usiku mmoja na hakuna mtu usiku unaofuata.

Akikubali, nendeni wote wawili kwa inchaji kabla ya kubadilisha chochote. Ataangalia kama mna daraja moja, maana usiku lazima awepo mtu anayeruhusiwa kushika funguo za kabati la mofini na pethidini. Mabadiliko yaandikwe kwenye rota yenyewe, zamu zote nne, na saini zenu. Yakibaki mdomoni na mwenzako akaugua Jumamosi jioni, jina linalosomeka ni lako, na utoro unaandikiwa wewe ukiwa Marangu umevaa sare ya familia. Muulizeni inchaji hapohapo: akiugua, anaitwa nani?

Fomu ya posho ya usiku ijazwe jina la aliyekesha, kila mmoja kwa usiku alioufanya. Hapa ndipo marafiki wengi huanza kununiana. Usimwongezee pesa juu ya zamu. Ukitaka kushukuru, mlipie boda ya kumleta kazini usiku huo.

Na Jumapili uondoke Marangu saa 4 asubuhi, hata kama wageni bado wanakula. Gari la Himo linasubiri kujaa, na saa 7 na nusu mchana unatakiwa uwe wodini unapokea ripoti.