Mtoto kaanza tena kukojoa kitandani

"Binti yangu ana miaka 7, aliacha kukojoa kitandani akiwa na 3, sasa wiki ya tatu kila usiku analowesha. Nifanyeje?"

Pole dada. Kwanza akapimwe mkojo, waangalie maambukizi na sukari, na kama anakunywa maji kupita kiasi na anakonda mpeleke leo leo usisubiri. Ila wengi wanachokiruka ni choo kigumu. Utumbo ukijaa kinyesi unakandamiza kibofu, kinashindwa kubeba mkojo wa usiku, na mtoto anaweza kwenda choo kila siku na bado umejaa, kwahiyo angalia mwenyewe: choo kikubwa sana au kama vigololi, chupi ina madoa, tumbo linauma. Wa kwangu ilikuwa hivyo, mkojo ulikutwa safi, daktari akampa dawa ya kulainisha choo na sisi tukawa tunamkalisha chooni dakika 5 hadi 10 kila baada ya kula, miguu inakanyaga kistuli, wiki kadhaa mbele akawa mkavu, na dawa hatukuikatisha mapema maana choo hurudi kuganda. Huku ukimpima muulize taratibu kama kuna kinachomtisha shuleni au nyumbani. Na usimchape jamani, anakojoa amelala, hajui.