Mada ya masta: nani hasa anaingiza taarifa kwenye mfumo?

"Wakuu, nipo masta ya elimu hapa Mwanza. Msimamizi kaikataa mada yangu ya 'Athari za TEHAMA katika shule za msingi', anasema ni pana mno. Nataka mbinu mchanganyiko, kuhusu mzigo wa kazi wa walimu na vifaa vya kidijitali kwenye shule zenye uhaba. Nibane wapi?"

Mkuu, mimi nilifundisha shule ya kando ya ziwa kabla ya kurudi chuo, na masta yangu niliifanya kwenye eneo hilohilo. Kama ningeanza leo, vishikwambi kama vifaa ningeviacha. Vile vya sensa ya 2022 vilishagawiwa kwa walimu, na kuuliza kama vipo na kama vinawaka ni kazi ya hojaji ya kurasa mbili. Palipo na utafiti ni kwenye mifumo inayomtaka mwalimu aingize taarifa: SIS ya taarifa za shule, PReM ya NECTA ya kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, PEPMIS ya Utumishi ya kupima utendaji wa watumishi. Uliza hivi: kazi hiyo inakula muda gani, na nani anaibeba?

Hilo la nani ndilo wengi wanalikosa. Kwenye shule nyingi utakuta mwalimu mmoja kijana, mwenye simu nzuri na bando, ndiye "mtu wa mfumo". Akaunti ni ya mwalimu mkuu au ya taaluma, lakini vidole ni vyake. Ukigawa hojaji ya "unatumia saa ngapi kwa wiki kwenye mifumo", wenzake watajibu nusu saa, yeye saa nane, na wastani wa shule utatoka mdogo. Utaandika kwamba mifumo haijaongeza mzigo, wakati kuna mtu ameelemewa.

Kwa hiyo sehemu ya kitakwimu usitegemee kumbukumbu. Tumia shajara ya muda: karatasi moja kwa siku, iliyogawanywa kwa nusu saa kuanzia alfajiri hadi usiku, maana kazi nyingi ya mfumo hufanyika nyumbani mtandao unapotulia. Weka safu mbili za ziada, "nimeifanya kwa ajili ya nani" na "taarifa hii nilishaiandika wapi kabla". Chukua wiki ya kawaida na wiki ya kufunga matokeo, na uweke alama kama mwalimu yuko zamu, kwa sababu wiki ya zamu huvuruga kila kitu. Iwe karatasi kweli. Kumpa mtu aliyechoshwa na mifumo fomu nyingine ya kujaza kwenye simu ni kumtania.

Tuseme mwalimu ana masomo matatu, mikondo miwili, watoto 70 kila mkondo. Hizo ni alama 420. Anaziandika kwenye daftari la alama, halafu zinahamishiwa Excel ya taaluma. Kwa sekunde kumi kila alama, uhamishaji huo pekee ni dakika 70, bila kuhesabu mtandao kukatika. Sasa mtu wa mfumo akifanyia walimu sita, ni saa saba. Safu ya "kwa ajili ya nani" ndiyo itakayozionyesha.

Shajara zilizopikwa utazijua: kalamu ileile, mwandiko wa haraka uleule, siku tano zinafanana, na kila kitu kimechukua saa moja kamili. Maana yake zimejazwa Ijumaa mchana. Pitia shuleni katikati ya wiki uzichukue za siku zilizopita. Na usimwachie mwalimu mkuu azikusanye. Barua yako imepita kwa Katibu Tawala na Mkurugenzi, kwa hiyo walimu wanakuona kama mthibiti ubora. Wape bahasha za kufunga, uzipokee mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo mahojiano, na hapa ndipo mbinu mchanganyiko inapata maana. Wasailiwa wachague kutokana na shajara. Tafuta walimu wawili wa shule moja wenye idadi sawa ya wanafunzi, lakini mmoja ana muda mrefu wa mfumo na mwingine hana kabisa. Waulize kazi ilifikaje kwa huyu, aliombwa au aliagizwa, vipindi vyake nani anashika, bando analipa nani. Mwishoni weka jedwali moja: kushoto muda wa shajara, kulia maneno yao. Vikipingana, usifiche, andika sura juu ya huko kupingana.

Kuhusu sampuli, walimu 60 wa shule sita si watu 60 wanaojitegemea. Wa shule moja wanafanana, na kwa shule sita hutaweza kuitenganisha athari ya shule. Kwa hiyo p-value za SPSS zisikudanganye. Eleza mtawanyiko wa kila shule, inatosha kwa masta.

Ningechukua shule tatu za Nyamagana mjini na tatu za Ukerewe. Ukienda Ukara, ratiba ya kivuko iulize kwanza, kwa sababu ile safari ya katikati ya wiki ndiyo itakayokula bajeti yako.