Mishahara Inapopanda Kuliko Bei ya Sare: Kosa Nililolifanya Katika Mchanganuo wa Karakana ya Dada Yangu

Mwishoni mwa mwaka 2021 dada yangu aliniomba nimwandalie mchanganuo wa karakana ya kushona sare za shule mjini Morogoro, kwa kuwa mimi ndiye mhasibu wa familia na benki ilikuwa ikimdai maandishi kabla ya kumkopesha. Niliifanya kazi hiyo kwa usiku mbili na nikaridhika nayo. Katika mwaka wa tatu, tulipofunga hesabu, mchanganuo wangu ulisema karakana ingebakiwa na takriban shilingi milioni 29 taslimu, lakini zilizobaki zilikuwa kama milioni 13. Hakuna aliyeiba, na mauzo hayakupungua hata seti moja. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa hesabu yangu, nami nimeliona baadaye katika michanganuo mingine mingi, ndiyo maana naona inafaa kulieleza kwa tarakimu. Nimezisawazisha tarakimu ili zifuatwe kwa urahisi, lakini uwiano wake ni ule ule wa karakana.

Uwekezaji ulikuwa milioni 80: vyerehani vya umeme, ovaloki, meza za kukatia, jenereta na ukarabati wa jengo. Kwa bei za siku ile, karakana ingeuza seti 8,000 kwa mwaka, kila seti shilingi 25,000, yaani milioni 200. Kitambaa, nyuzi, zipu na vifungo, pamoja na pango na umeme, vingechukua milioni 104, na mishahara milioni 70. Zilibaki milioni 26 kila mwaka kwa miaka mitano. Kodi nimeiacha nje ya mfano huu.

Kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kushushia fedha za miaka ijayo ziwe na thamani ya leo, tulichokubaliana kwa kuzingatia riba ya benki na hatari ya biashara, kilikuwa asilimia 16. Nilijua kwamba asilimia 16 ni kiwango ambacho mfumuko wa bei umo ndani yake, na kwamba haifai kukitumia kupunguza fedha zilizopangwa kwa bei za leo. Kwa hiyo nilikadiria mfumuko wa jumla kuwa asilimia 4, ambao ungezifanya milioni 26 kuwa zile 29 za mwaka wa tatu, nikagawanya 1.16 kwa 1.04, nikapata kiwango kilichoondolewa mfumuko cha asilimia 11.5. Kwa kiwango hicho, milioni 26 kwa mwaka kwa miaka mitano zina thamani ya sasa ya milioni 94.8, na ukitoa uwekezaji wa milioni 80, thamani halisi ya sasa ni milioni 14.8. Mradi unafaa, nikaandika hivyo, na benki ikakubali.

Njia hiyo si ya uongo, na vitabu vya fedha vinaifundisha, lakini ina sharti moja ambalo nililipita bila kuliona: kila mstari wa mradi lazima upande kwa kasi moja, nayo iwe ile ile uliyoitumia kuondoa mfumuko kwenye kiwango cha punguzo. Mauzo yakipanda kwa asilimia 4, kitambaa kwa 4 na mishahara kwa 4, basi kupiga hesabu kwa bei za leo au kwa bei za wakati ujao hutoa jibu moja. Mstari mmoja ukiachana na wenzake, usawa huo unavunjika, na huwezi kuurudisha kwa kurekebisha kiwango cha punguzo.

Katika karakana yetu mistari iliachana tangu mwanzo. Bei ya seti ilishikwa na mambo mawili. Shule huandika bei ya sare kwenye fomu ya kujiunga, na mwalimu mkuu hapendi kuibadilisha kila mwaka. Zaidi ya hapo, wapo wafanyabiashara wanaoleta sare zilizokwisha kushonwa kutoka Kariakoo, ambao mzazi huwalinganisha nasi dukani. Kwa hiyo bei yetu ilipanda polepole, kwa hatua za shilingi elfu moja, ikatoka 25,000 hadi 27,000 katika miaka mitatu, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 3 kwa mwaka. Fundi mzuri wa ovaloki, kwa upande wake, haoni sababu ya kusubiri fomu ya shule. Dada aliniambia siku moja, “Mdogo wangu, kitambaa nikikosa hapa nitakipata duka la pili, lakini fundi akiondoka mwezi wa Novemba nimekwisha.” Alikuwa sahihi, kwa sababu kazi kubwa ya sare hufanyika kabla ya shule kufunguliwa Januari, na wakati huo kila karakana mjini humtafuta fundi yule yule. Kwa wastani mishahara yetu ilipanda kwa asilimia 8 kwa mwaka.

Sasa tupige hesabu upya, kila mstari na kasi yake: mauzo asilimia 3, mishahara asilimia 8, na gharama nyingine asilimia 4. Katika mwaka wa kwanza mauzo yanakuwa milioni 206, gharama nyingine 108.2 na mishahara 75.6, hivyo zinabaki milioni 22.2. Mwaka wa pili zinabaki 18.0, wa tatu 13.4, wa nne 8.2, na wa tano milioni 2.5 tu. Fedha hizi tayari zina mfumuko ndani yake, kwa hiyo tunazipunguza kwa asilimia 16 yenyewe, si 11.5. Thamani yake ya sasa ni milioni 46.9, na thamani halisi ya sasa ya mradi ni hasi milioni 33.1. Mradi ule ule, wenye seti zile zile na mafundi wale wale, umetoka faida ya karibu milioni 15 ukaingia hasara ya milioni 33.

Ukubwa wa anguko hilo unatokana na wembamba wa kinachobaki kati ya namba mbili kubwa. Mishahara ilikuwa asilimia 35 ya mauzo mwanzoni, na kufikia mwaka wa tano inakuwa asilimia 44, wakati kilichobaki kwa mwenye mradi kilikuwa asilimia 13 tu tangu mwanzo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mradi wako uko hatarini, angalia kwanza uwiano huo: mishahara ni mara ngapi ya kinachobaki? Kwetu ilikuwa karibu mara tatu. Kampuni ambayo mishahara yake ni nusu ya kinachobaki inaweza kuishi na tofauti kama hii bila kutikisika.

Kwenye lahajedwali, panga namba za miaka, 1 hadi 5, kwenye seli B1 hadi F1, na kila mstari uwe na kiwango chake cha kupanda kwenye fomula yake. Mauzo yawe mstari wa 2, gharama nyingine wa 3, mishahara wa 4 na kinachobaki wa 5; andika hivi, kisha nakili fomula za B2 hadi B5 kwenda hadi safu F:

```
B2: =200*(1+3%)^B1
B3: =104*(1+4%)^B1
B4: =70*(1+8%)^B1
B5: =B2-B3-B4
H5: =NPV(16%,B5:F5)-80
```

Angalia kwamba ile 80 iko nje ya mabano. Fomula ya NPV huichukulia namba ya kwanza baada ya kiwango cha punguzo kuwa fedha za mwisho wa mwaka wa kwanza, na nimewaona watu wakiuingiza uwekezaji wa leo humo, ukapunguzwa kana kwamba utalipwa baada ya mwaka mzima.

Ukishaipata hesabu hiyo, usiishie kwenye jibu hasi. Badilisha kiwango cha mauzo hadi thamani halisi ya sasa iwe sifuri. Kwa karakana yetu, mishahara ikiendelea kupanda kwa asilimia 8, bei ya sare inahitaji kupanda kwa asilimia 4.7 kwa mwaka badala ya 3. Katika mwaka wa tano hiyo ni kama shilingi 31,450 kwa seti badala ya 29,000. Swali basi linakuwa dogo na la kweli: je, mzazi atalipa shilingi 2,500 zaidi, au atakwenda kwa muuzaji wa Kariakoo? Hilo dada yangu angeweza kulijibu mwaka 2021, kama ningemuuliza.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba mishahara haipandi kwa mstari ulionyooka. Nchini Tanzania kima cha chini cha sekta binafsi hubadilika kwa amri, na amri huja kwa kishindo. Iliyoanza kutumika Januari 2023 ilifuatiwa na nyingine iliyoanza Januari 2026, ambayo ilipandisha wastani wa kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Hilo ni ongezeko la asilimia 30 kwa mara moja, sawa na asilimia 9 kwa kila mwaka kati ya amri hizo mbili, ilhali mfumuko wa jumla katika kipindi hicho ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5. Hata kama unawalipa mafundi wako zaidi ya kima cha chini, aliye chini akisogea, aliye juu yake atakuja kuulizia nafasi yake.

Tarehe ya kishindo hicho ina uzito wake. Chukua mishahara yetu ya milioni 70 ipande kwa asilimia 30 mara moja tu katika miaka mitano, mistari mingine ikibaki na kasi zake. Ikipanda mwaka wa kwanza, thamani halisi ya sasa ni hasi milioni 47. Ikipanda mwaka wa tatu, ni hasi milioni 13.5. Ongezeko ni lile lile, na tofauti ya karibu milioni 34 imeletwa na kalenda. Kwa hiyo mimi sasa hupiga hesabu mara mbili, moja kwa wastani wa mwaka na nyingine kwa kishindo kinachodondoka mwaka ambao ningependa kisidondoke.

Kuna tahadhari moja. Kiwango unachokiandika kwenye mstari wa mishahara ni cha gharama yote ya kazi, si cha mshahara wa mtu mmoja. Mafundi wakizoea kazi na kila mmoja akashona asilimia 4 zaidi kila mwaka, mshahara wa mtu ukipanda kwa asilimia 8, gharama ya kazi kwa seti inapanda kwa asilimia 3.8 tu. Kwetu tija haikusogea, kwa sababu kila mwaka tuliondokewa na mafundi wazoefu na kuanza na wapya. Daftari la mishahara na daftari la seti zilizotoka ndiyo yanayopaswa kukupa kiwango hicho. Takwimu ya mfumuko wa taifa inaeleza kikapu cha bidhaa za kaya, haimwelezi fundi wa ovaloki wa Morogoro.

Tofauti hii ya viwango hubadilisha hata uamuzi mdogo ndani ya mradi. Mwaka 2022 dada alitaka mashine ya kukata kitambaa ya shilingi milioni 11.5, ambayo ingeokoa milioni 3 za mishahara kwa mwaka kwa miaka mitano. Nilipiga hesabu kwa njia yangu ya zamani, nikapata thamani ya sasa ya akiba hiyo kuwa milioni 10.9, nikamkataza. Kwa mishahara inayopanda kwa asilimia 8, akiba hiyo ina thamani ya milioni 12.2, na mashine inajilipa. Aliinunua mwaka juzi, kwa bei ya juu zaidi, na kila nikipita karakanani hunionyesha jinsi inavyokata tabaka za kitambaa kwa mpigo mmoja.